Pamejaa, Songa Mbele

Lori linafika getini usiku, mlinzi anainua mkono: "Pamejaa, songa mbele." Utingo anaguna. Mchana alipita hapohapo akamwona karani wa ukaguzi anasinzia kwa kukosa kazi. Inakuwaje mahali penye karani anayesinzia pajae?

Tuchukue yadi ya mfano, tuseme iko Tunduma. Karani ni mmoja, na nafasi ni nne: moja ya lori linalokaguliwa, tatu za kusubiri. Kwa wastani huja malori 4 kwa saa, kila moja kwa wakati wake. Ukaguzi huchukua wastani wa dakika 10: lori hili dakika tatu, lile nusu saa. Kwa hiyo karani anaweza kumaliza malori 6 kwa saa.

Sasa tazama mlango. Kila mara yadi tupu inapopata lori moja, siku moja itarudi kuwa tupu. Kupanda na kushuka hulingana. Yadi tupu hupanda kwa kasi ya 4, yenye lori moja hushuka kwa kasi ya 6. Ili hesabu zilingane, muda wa kuwa na lori moja lazima uwe theluthi mbili ya muda wa kuwa tupu. Malori mawili, theluthi mbili ya hapo, na kuendelea hadi manne.

Tukianza na saa 81 za utupu tunapata 54, 36, 24, na mwisho 16 za kujaa. Jumla ni 211. Karani anakaa bure asilimia 38 ya muda, na bado yadi imejaa 16/211, yaani asilimia 7.6. Kati ya malori 96 ya siku nzima, kama saba yanafukuzwa. Agner Krarup Erlang wa Copenhagen alitumia hoja za namna hii mwaka 1917, kwa simu zinazokosa laini.

Mwenye yadi atakimbilia kuongeza nafasi. Ya tano inashusha kiwango hadi asilimia 4.8, malori manne au matano kwa siku. Lakini akiacha nafasi nne na kupunguza ukaguzi hadi wastani wa dakika 7.5, hesabu inakuwa 16, 8, 4, 2, 1: anafukuza lori 1 kati ya 31, kama matatu kwa siku, bila kumwaga kokoto hata toroli moja.

Hesabu hii inadai malori yasifuatane kwa makusudi. Yakija kwa msafara, la kwanza hujaza nafasi iliyobaki, ya nyuma yakakuta ukuta. Daftari la mlinzi litasema: yadi ilijaa chini ya saa mbili tu kwa siku, lakini waliofukuzwa ni ishirini. Labda ni misafara, au dereva mmoja anayezunguka na kurudi, akiandikwa mara tatu.