Hatua Nane za Utu: Toka Mgongoni kwa Mama hadi Uzeeni

Katika kata ya Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, mtu aweza kuona umri wote wa binadamu katika asubuhi moja. Mtoto mchanga yumo mbelekoni wakati mama yake akianika dagaa. Mvulana anajifunza kupiga kasia. Kijana anawaza kwenda mjini. Mzee anaketi kivulini akitazama mitumbwi ikirudi. Je, kuna utaratibu wowote unaounganisha maisha ya watu hao?

Mtaalamu wa saikolojia Erik Erikson (1902–1994), mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani mwaka 1933, alijibu kuwa upo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1950 alieleza kwamba utu hukua kwa hatua nane, na kila hatua ina mvutano wake. Mchanga huvutana kati ya imani na mashaka. Baadaye hufuata kujitawala au kuona aibu, kuthubutu au kujihisi mkosaji, bidii au unyonge. Ujana huleta swali la kujitambua. Mtu mzima hukabili ukaribu au upweke, kisha kulea kizazi kipya au kudumaa. Na mwisho mzee huyakubali maisha yake au hukata tamaa. Mvutano wa hatua moja ukitatuliwa vibaya, hatua zinazofuata huwa nzito zaidi.

Imani hujengwaje?

Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alichunguza watoto 28 wa familia 26 katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala, akiwatembelea nyumbani kwao. Dalili aliyoitafuta ilikuwa ya wazi: mtoto mwenye imani hutambaa mbali na mama kuchungua vitu, hurejea kwake mara kwa mara, na akitishika hukimbilia kwake na kutulia. Mtoto asiye na imani hulia sana hata akiwa karibu naye. Watoto 16 walionyesha imani imara, 7 walikuwa na wasiwasi, na 5 walikuwa bado hawajashikamana na mama.

Tofauti haikutokana na kulelewa na watu wengi, jambo la kawaida katika vijiji vyetu. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na imani ni umahiri wa mama kueleza habari za mwanawe kwa undani: analala lini, analia vipi, anapenda nini. Anayemfahamu mtoto hivyo humwitikia upesi.

Ujana na kupokezana madaraka

Kwa hatua za baadaye, mfano uko ziwa hilo hilo, upande wa kaskazini. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica alitoa kitabu juu ya vijiji vyao vya rika. Mvulana alipofika miaka kumi au kumi na mmoja aliondoka nyumbani kwa baba, akajenga kibanda pamoja na wenzake pembeni mwa kijiji. Walilala huko, lakini waliendelea kulima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao, wakienda kwa kundi toka nyumba hadi nyumba. Hivyo kijana hakulikabili peke yake swali la yeye ni nani: rika lake lilimpa jina, kazi na mashahidi. Alipooa, mara nyingi akikaribia miaka 25, alimleta mkewe katika kijiji hicho hicho.

Wana wa kwanza walipofikia umri wa miaka 33 hadi 35 hivi, ilifanyika sherehe kubwa. Mioto ya zamani ilizimwa na mpya ukapekechwa. Utawala ukakabidhiwa, na wazee wakasogea kando ili wana wapate ardhi. Mila hiyo iliulazimisha umma kutenda kile ambacho Erikson alikiona kuwa kazi ya mtu mzima, yaani kulea warithi na kuwaachia nafasi.

Utaratibu huo ulilegea ardhi ilipokuwa haba na vijana walipokwenda kutafuta ajira migodini. Baba aliyehitaji shamba lake hakuwa tayari kusogea. Na kijana aliyekaa mbali miaka mingi alikosa rika la kurudia.

Mipaka ya nadharia

Hatua hizi si kalenda. Erikson alitegemea zaidi wagonjwa wake, wasifu wa watu mashuhuri na ziara zake kwa Wahindi Wekundu wa Marekani, na si vipimo vya watu wengi. Umri wa kila hatua hubadilika kwa jamii: msichana aliyeolewa mapema hukabili malezi kabla hajamaliza swali la kujitambua. Wala hakuna ushahidi kwamba mashaka ya utotoni hayarekebishiki.

Hata hivyo nadharia humwonyesha mchunguzi mahali pa kutazama. Yule mzee wa kivulini hupimwa kwa namna anavyosimulia maisha yake. Akiweza kutaja wavu uliokatika na mwana aliyepotea bila kuyaficha wala kuyalaani, akamwelekeza mjukuu namna ya kushona wavu mpya, amefika hatua ya nane. Akiling'ang'ania kasia asilolimudu tena kwa kuwa hamwamini yeyote, mvutano wake bado haujaisha.