Je, wajua? Soksi ya bibi harusi na begi la safari ni nailoni ileile

Nailoni ya kwanza ilipatikana Februari 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont, Marekani, chini ya mkemia Wallace Carothers. Mei 1940 soksi ndefu za wanawake za nailoni zikaanza kuuzwa Marekani nzima. Carothers hakuziona sokoni, alifariki 1937.

Nguvu ya uzi huu hutokana na kuvutwa. Nailoni iliyoyeyushwa husukumwa kwenye vitundu vidogo, ikapoa kuwa uzi, kisha uzi huo huvutwa hadi urefu wake uongezeke kama mara nne. Hapo molekuli zake ndefu, zilizokuwa zimejikunja ovyo, hunyooka na kulala sambamba, na vifungo vya haidrojeni huzishikanisha. Uzi uliokwisha kuvutwa hivyo bado hunyumbuka na kurudi. Ukisuguliwa na ukuta au sakafu, hujinyoosha kidogo kisha hurejea, ndiyo maana haukwanguki upesi.

Basi mbona soksi hufumuka kwa ukucha tu? Tazama unene. Nyuzi hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa soksi nyepesi ni denia 15: kilomita tisa zake hazifikii uzito wa vijiko vinne vya sukari! Uzi wa begi gumu ni denia 1,000, kilo nzima kwa urefu uleule. Tena soksi hufumwa kwa vitanzi vilivyoshikana kimoja na kingine. Kitanzi kimoja kikikatika, cha juu yake hukosa mshikaji, na kwa kuwa uzi wenyewe ni laini na unateleza, mfumuko hupanda mguu mzima. Tone la rangi ya kucha huuzuia kwa kugandisha vitanzi vilivyobaki.

Jaketi la upepo nalo hutumia uzi mwembamba, lakini limesukwa kwa nyuzi zinazopishana, zimebanana hata upepo haupenyi. Ukiona vimiraba vidogo juu ya kitambaa, hizo ni nyuzi nene zilizopachikwa kila baada ya milimita chache. Mpasuko mdogo ukifika hapo hugota.

Kwenye begi, kitambaa kwa kawaida si cha kwanza kufa. Hutangulia zipu na mishono, au utando wa ndani wa kuzuia maji, ambao huanza kunata na kubanduka magamba. Kwa hiyo ukinunua begi, usiishie kusoma 1000D kwenye lebo: ligeuze ndani, vuta mishono ya mikanda, fungua na kufunga zipu.

Adui wa nailoni ni jua na pasi ya moto. Mionzi ya jua hukata molekuli zake polepole, na pasi kali huiyeyusha. Begi likilowa, lianike kivulini.