Fahamu: Jinsi ya kumfanya mkandarasi aone kazi zake tu

Tuseme mwalo wa Mwigobero, Musoma, unakarabatiwa. Fundi umeme na mjenzi wa sakafu wanatumia mfumo mmoja wa kazi, Redmine, lakini bei na dosari za mmoja hazimhusu mwenzake.

Wajibu ni nini?

Ni kifurushi cha ruhusa anachopewa mtu ndani ya mradi. Msimamizi hufungua Administration, kisha Roles and permissions, na kuunda wajibu wa "Mkandarasi". Kwenye Issues visibility huchagua Issues created by or assigned to the user. Hapo fundi umeme ataona kazi alizoanzisha au alizokabidhiwa tu.

Mtego uko wapi?

Wengi huweka tiki kwenye Edit own issues wakidhani inatosha. Kumbe hapo "own" ni kazi aliyoianzisha mwenyewe. Mhandisi akiandika kazi ya nyaya na kumkabidhi fundi, fundi ataiona ila hataweza kuihariri. Anahitaji Edit issues, ambayo bado haivuki kazi anazoziona.

Kukabidhi kazi kwa kikundi ni hatari zaidi: kila mwanakikundi huiona. Mwenye wajibu mbili naye hupata upana wa zote mbili, kwa hiyo mkandarasi apewe mmoja tu.

Utajuaje imefungwa?

Ingia kwa akaunti ya majaribio yenye wajibu huo, kisha andika kwenye anwani namba ya kazi ya mjenzi, kwa mfano `/issues/42`. Ukijibiwa 403, imefungwa. Ikifunguka, kagua wajibu na vikundi vya akaunti hiyo.