Tundu la ukutani linaloikataa kompyuta mpya

“Kompyuta yangu mpya haipati intaneti kwenye tundu la ukutani. Ya zamani inapata vizuri, na waya ni uleule.” Ujumbe kama huu kutoka bwenini humweleza fundi karibu kila kitu: waya ni mzima, tundu ni zima, ila mtandao haujamtambua mgeni.

Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na anwani yake ya herufi na tarakimu 12, mfano 00-1A-2B-3C-4D-5E. Chuo kinachosajili vifaa huilinganisha na orodha yake. Isipokuwemo, taa ya tundu huenda ikawaka, lakini unatokea ukurasa wa usajili tu, au hakuna kinachofunguka.

Fundi humwomba mwanafunzi aandike kwenye Windows:

```
ipconfig /all
```

kisha amtumie mstari wa Physical Address. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa mistari hiyo huwa zaidi ya mmoja: kadi ya Wi-Fi ina anwani yake, ya waya ina yake. Akituma ya Wi-Fi, itasajiliwa, na tundu litaendelea kukataa. Inayotakiwa iko chini ya Ethernet adapter. Kompyuta nyingi nyembamba hazina tundu la waya, hutumia adapta ya USB. Basi kwa kawaida inayosajiliwa ni anwani ya adapta, na akimwazima jirani, ameazima na ruhusa.

Ulinzi huu si mkali, maana anwani hubadilishwa kwa programu. Lakini kifaa kikianza kusambaza virusi, fundi anajua agonge mlango upi.