Usimuulize mama, "Ilikuwaje?"

Mama yule alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, khanga imemfunika kichwa. Kila mgeni aliyeingia alipiga magoti, akamshika mkono, akasema, "Pole mama," naye akaitikia, "Tumeshapoa." Kisha likafuata swali: "Ilikuwaje lakini?" Mimi nilikaa hatua mbili kutoka kwake nikiwaonyesha wageni pa kukaa. Tangu saa tatu asubuhi mpaka adhana ya alasiri nililisikia swali hilo mara kumi na moja. Alipoulizwa mara ya kumi na mbili hakujibu. Aliinuka, akaingia chumbani na kufunga mlango kwa ndani.

Mwanawe, fundi wa kuchomelea mageti mwenye miaka 27, alikuwa ameuawa usiku wa kuamkia Jumapili. Namna alivyouawa sitaiandika hapa. Mtaani kwetu Temeke kila kijiwe kilikuwa na maelezo yake, na hakuna hata mmoja kati ya waliokuwa wakiyatoa aliyekuwapo usiku ule.

Nimelifikiria sana swali lile, kwa sababu waliouliza walikuwa watu wema, na wengine walikuwa wamepanda daladala mbili kuja kumpa mama pole. Kwenye misiba yetu tumezoea kuuliza. Mtu akifa kwa maradhi, wafiwa wenyewe hupenda kusimulia: alianza na homa, tukampeleka zahanati, wakatupa rufaa, akalazwa wiki mbili, siku ya mwisho aliomba uji. Simulizi hiyo ina mwanzo na mwisho, na ndani yake familia inajiona ilivyohangaika kumuuguza mtu wao. Kila inaporudiwa, uchungu unapungua kidogo. Mgeni anayeuliza "aliumwa nini?" anamfungulia mfiwa mlango wa kusema.

Kwa aliyeuawa hakuna simulizi ya namna hiyo. Mama yule alijua mambo mawili tu: mwanawe aliondoka nyumbani jioni akiwa amevaa shati jeupe, na alfajiri mjumbe alibisha hodi. Katikati pana shimo. Ukimuuliza ilikuwaje, unampeleka ukingoni mwa shimo hilo na kumtaka achungulie, na kwa kuwa hana la kujibu, wageni wanaanza kulijaza wao. Mmoja anataja deni. Mwingine anataja mwanamke. Wa tatu anakumbuka ugomvi wa mwaka juzi. Ukifika usiku, pale chini ya turubai jina la mtu limeshatajwa.

Jina likishatajwa halirudi. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Aliyetajwa msibani hajashtakiwa hata kidogo, na sote tunajua umati wenye hasira unavyoweza kumaliza jambo hilo usiku huohuo. Halafu kuna ushahidi. Mtu aliyepita barabarani usiku ule akamwona mmoja akikimbia, akikaa msibani siku tatu akisikia kuwa aliyekimbia ni fulani, siku ya kutoa maelezo polisi atasema alimwona fulani, na atasema hivyo akiamini ni kweli. Kama wakili atamwangusha mahakamani, familia itaumia mara ya pili. Na kama hatamwangusha, huenda asiye na kosa akaumia.

Familia hii ilijiokoa kwa njia ambayo ningependa wengine waijue. Siku ya pili baba mdogo wa marehemu, mwalimu mstaafu, aliitisha kikao kifupi cha ukoo nyuma ya nyumba. Wakakubaliana kuwa msemaji wa familia ni yeye peke yake, na kwamba yeyote atakayeulizwa atajibu sentensi moja: "Suala hilo liko polisi, sisi tunamzika mtoto wetu." Wanawake wawili walipewa kazi ya kukaa kushoto na kulia kwa mama. Mgeni akianza kuuliza, mmoja wao alimkatisha kwa upole, "Shangazi, karibu kwanza unawe mikono, chai ipo." Nilishangaa jinsi jambo dogo kama hilo lilivyofanya kazi. Mama alitoka chumbani, na jioni ile alikula kwa mara ya kwanza.

Kazi ngumu ilikuwa wasifu wa marehemu. Wanaohudhuria misiba wanaujua mpangilio wake: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa kama ipo, kisha sehemu inayoitwa "Kuugua na kufariki". Rasimu ya kwanza iliandikwa na rafiki wa marehemu usiku, machozi yakimtoka. Ilisema marehemu "aliuawa kinyama na watu waliomwonea wivu kwa maendeleo yake". Baba mdogo aliisoma mara mbili, akavua miwani, akamwita kijana akae karibu naye. "Mwanangu," akamwambia, "hili neno wivu nani amelithibitisha?" Kijana akanyamaza. Wakaifuta sentensi ile pamoja. Kichwa cha sehemu hiyo kikabaki "Kufariki" tu, na chini yake wakaandika: "Marehemu alifikwa na mauti usiku wa kuamkia Jumapili. Uchunguzi wa kifo chake unafanywa na vyombo vya dola, na familia inaomba utulivu."

Basi nafasi iliyobaki ikajazwa na uhai wake. Wakaandika kwamba geti la kwanza alilochomelea akiwa na miaka 16 bado lipo nyumbani kwa jirani na linafunga vizuri. Wakaandika kwamba alimlipia mdogo wake ada ya kidato cha tano na cha sita, na kwamba hakupenda kuimba kanisani lakini ndiye aliyetengeneza viti vya kwaya. Waombolezaji waliposikia habari ya viti walicheka kidogo kwenye vilio vyao, na mama akainua kichwa. Tangu Jumapili watu walikuwa wakizungumzia kifo cha mwanawe. Kwa dakika tano hizo alisikia watu wakimzungumzia mwanawe.

Hapo ndipo ninapoona rambirambi ya msiba wa aina hii inapopaswa kukaa. Kama ulimfahamu marehemu, leta kitu kimoja unachokikumbuka, kidogo na cha kweli. Kama hukumfahamu, "Poleni sana, tuko pamoja nanyi" inatosha, kisha kaa. Kuketi kimya mkekani kwa nusu saa ni pole inayoeleweka na kila mtu kwetu.

Kuna maneno mengine tuliyoyazoea ambayo hapa yanachoma. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni mojawapo. Nimeisema mwenyewe misibani mara nyingi. Lakini mama ambaye mwanawe ameuawa anaweza kusikia kwamba mkono ule ulikuwa wa Mungu na kwamba haukukosea. Mchungaji aliyeongoza ibada alilijua hilo. Alisema Mungu yuko karibu na waliovunjika moyo, akaishia hapo. Mfiwa akiamua mwenyewe kusema yote ni mapenzi ya Mungu, mwitikie. Usimtangulie. Vilevile "siku zake zilifika", na hasa "angesikia asingetoka usiku", ambayo imevaa nguo ya huruma lakini ndani yake inamtia marehemu hatiani.

Simu nazo. Kundi la michango lilifunguliwa Jumapili asubuhi, na kabla ya mchana mtu alikuwa ameshatuma picha ya mwili. Mdogo wa marehemu, yule wa kidato cha sita, alikuwa ndani ya kundi. Msimamizi aliifuta, lakini yeye alikuwa ameshaiona, na picha ya namna hiyo haifutiki kichwani. Baadaye kundi liliwekwa kwenye hali ambayo wasimamizi pekee ndio wanaandika: jina la aliyechanga, kiasi, saa ya kuaga mwili, basi. Ningeshauri lifunguliwe hivyo tangu dakika ya kwanza.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba msiba huu una kungoja. Polisi wakiwa na jalada la mauaji, mwili haukabidhiwi mpaka daktari aufanyie uchunguzi, na kwa familia hii ilichukua siku tatu. Kwa ndugu zetu Waislamu, ambao huharakisha maziko, kungoja huko ni jeraha juu ya jeraha, na anayewauliza "mbona hamziki?" anawaongezea. Siku hizo turubai linajaa watu wasio na la kufanya, na hapo ndipo minong'ono inapozaliwa. Wenye kutaka kusaidia kazi zipo. Ndugu anahitajika kwenda chumba cha maiti kuutambua mwili mbele ya daktari na askari. Hapa walikwenda wajomba wawili ili mama asiende, na jirani mwenye gari aliwapeleka na kuwangoja nje saa nne nzima bila kuwauliza waliona nini. Kati ya rambirambi zote nilizozishuhudia wiki ile, naiweka hiyo mbele.

Wengine walileta unga, mchele na mkaa. Mama lishe wa pale kona alipika chai ya wanaokesha kwa siku zote bila malipo. Fundi mwenzake marehemu alikwenda kwa wateja watatu waliokuwa wametoa malipo ya awali, akawaahidi kuyamaliza mageti yao, ili wasije kudai msibani. Ameshamaliza mawili.

Tulizika siku ya Alhamisi. Turubai likashushwa Jumamosi, viti vya kukodi vikarudishwa, nyumba ikabaki na watu wanne. Kwa ugonjwa, msiba huanza kutulia hapo. Kwa mauaji, familia inaanza safari nyingine: kwenda kituoni kuuliza upelelezi umefika wapi, kutoa maelezo upya, kungoja simu ya marehemu ambayo imeshikiliwa kama kielelezo na ambayo ndani yake mna sauti yake. Hata akipatikana mshtakiwa, siku za mwanzo ni za kesi kutajwa na kuahirishwa, kwa kuwa Mahakama ya Hakimu Mkazi haina mamlaka ya kuamua shauri la mauaji, na mshtakiwa hatakiwi kujibu lolote mpaka lifike Mahakama Kuu. Mfiwa anayekwenda akitarajia kusikia kilichompata mwanawe anarudi na tarehe tu.

Hadi ninapoandika, hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa kifo cha kijana wetu. Mama huenda kituoni Jumatatu moja kila wiki mbili, akiwa na karatasi yenye namba ya jalada aliyoikunja ndani ya kitambaa. Wanawake sita wa mtaani tumepanga zamu ya kumsindikiza. Njiani hatumuulizi kitu. Akitaka kuzungumza, mara nyingi huzungumzia vile viti vya kwaya. Jumatatu ijayo ni zamu yangu.