Pale Mkato Unapobebeshwa Kazi ya Nukta

Tazama sentensi hii: "Mvua ilinyesha usiku kucha, barabara ilikatika, magari yalikwama." Mwalimu makini ataizungushia wino mwekundu mikato yote miwili, na ana haki. Hapo pana vishazi huru vitatu, kila kimoja kinajitosheleza, na vimeshikizwa kwa alama isiyo na nguvu ya kuvishikilia. Sasa isome hivi: "Mvua ilinyesha usiku kucha, barabara ikakatika, magari yakakwama." Mikato haijahama hata kidogo, lakini kosa limetoweka.

Kilichobadilika ni vitenzi. Kile kiambishi -ka- kinamwambia msomaji kwamba tendo hili limefuata lile lililotangulia, kwa hiyo kinafanya kazi ya kiunganishi akiwa ndani ya kitenzi chenyewe. Mkato umebaki na kazi yake nyepesi ya kutenganisha hatua moja na nyingine. Ndiyo maana anayetaka kujua kama mkato umezidiwa katika sentensi ya Kiswahili asianze kwa kutafuta "na" au "lakini". Aangalie vitenzi kwanza. Kitenzi chenye -ka-, -ki- au -po- kimeshajifunga kwa mwenzake. Viwili vyenye -li-, au viwili vyenye -me-, kila kimoja kimesimama peke yake, na hapo ndipo panapotakiwa nukta, nukta-mkato au kiunganishi.

Tahadhari moja, kwa sababu wengi wakishajua dawa hii huinywesha kila sentensi. Kiambishi -ka- hufaa pale matukio yanapofuatana kwa wakati. Ukiandika "Nyumba ilikuwa kubwa, ikawa na vyumba sita," umesema kwamba vyumba vilikuja baadaye, kana kwamba mtu aliongeza kuta. Hali mbili zinazokwenda sambamba zinaunganishwa vingine: "Nyumba ilikuwa kubwa, tena ilikuwa na vyumba sita."

Chanzo kikuu cha kosa hili, kwa maoni yangu, ni lile fundisho la darasani kwamba mkato ni mahali pa kuvuta pumzi. Pumzi haijui sarufi. Mtu akisimulia jambo refu hupumua popote, na akiandika kama anavyopumua ataweka mkato mwishoni mwa wazo lililokamilika, kisha ataweka mwingine kati ya kiima na kitenzi chake, mahali ambapo hautakiwi kabisa. Ukisoma kwa sauti, sikiliza zaidi sauti inaposhuka na kutua. Hapo ndipo penye nukta.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye sentensi zinazofuliza bila alama yoyote. Chukua muhtasari wa kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, ulioandikwa hivi: "Mweka hazina alipeleka fedha benki Jumatatu mwenyekiti alipokea stakabadhi alipofika katibu aliondoka bila kusaini." Aliyekuwa kikaoni ataelewa. Lakini miezi sita baadaye, fedha zikitiliwa shaka, muhtasari huu hautamsaidia mtu. Jumatatu ni siku ya kupeleka fedha au ya kupokea stakabadhi? Na nani aliondoka?

Jaribu kuweka alama: "Mweka hazina alipeleka fedha benki Jumatatu. Mwenyekiti alipokea stakabadhi. Alipofika, katibu aliondoka bila kusaini." Hapa katibu ndiye aliyeondoka, baada ya mtu mwingine kufika. Sogeza mkato neno moja tu: "Alipofika katibu, aliondoka bila kusaini." Sasa katibu ndiye aliyefika, na aliyeondoka anaweza kuwa yeye mwenyewe au mwenyekiti. Kiswahili kinaruhusu mtendaji kukaa nyuma ya kitenzi chenye -po-, na kiambishi cha nafsi a- humtaja mtu yeyote bila kumbagua, kwa hiyo alama moja imebeba lawama yote. Kwenye muhtasari nisingeuamini mkato peke yake. Ningeandika: "Katibu alipofika, mwenyekiti aliondoka bila kusaini," kila mtu akatajwa kwa cheo chake.

Vipande vya sentensi ni jambo jingine, na urefu hauwezi kutuambia kitu. "Hawakutimia." Hilo ni neno moja, na ni sentensi kamili, maana ndani yake mna mtendaji, wakati, ukanushi na tendo. Kinyume chake, "Kwa sababu wajumbe wengi waliotoka vijiji vya mbali hawakutimia siku ile." ni maneno kumi na moja ambayo bado yananing'inia. Kishazi kinachoanza kwa "kwa sababu", "ingawa" au "ili", au chenye "ambaye" na -po-, kinadai kishazi kingine cha kukishikilia. Katika barua ya kazi, kiunge na sentensi iliyotangulia.

Lakini katika hadithi: "Alifungua mlango. Kimya. Viatu vya watoto kizingitini, jozi tatu. Watoto hawapo." Hakuna mhariri mwenye busara atakayeongeza vitenzi hapo. Macho ya mhusika yanaona kitu kimoja kimoja kabla akili haijaunganisha, na maneno yanaonekana vivyo hivyo. Ukiandika "Kulikuwa na kimya, na viatu vya watoto vilikuwa kizingitini," umempa msomaji maelezo ya mtu aliyekwisha kutulia.

Mkato nao unaweza kubebeshwa mzigo kwa makusudi. Methali ilifanya hivyo zamani: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vishazi huru viwili, hakuna kiunganishi, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa vimelingana kwa umbo na vinapingana kwa maana, kiasi kwamba msomaji anajaza "lakini" mwenyewe. Mwandishi wa leo anaweza kufuata njia hiyo. Linganisha "Alilima, akapalilia, akavuna, asipate kitu" na "Alilima, alipalilia, alivuna, hakupata kitu." Ya kwanza ndiyo sahihi kwa kanuni, nayo inatiririka kama masimulizi. Ya pili inakataa kutiririka. Kila -li- inaanza upya, kila kazi inahesabiwa peke yake, na "hakupata kitu" inaanguka kwa uzito. Kosa lile lile la mvua na barabara hapa limegeuka mtindo, kwa sababu vishazi ni vifupi, vinalingana, mtendaji ni mmoja, na kukosekana kwa kiungo kunasema jambo.

Hata mfululizo usio na alama una mahali pake: "Moto jamani moto tokeni nyumba inaungua mtoto yuko ndani." Mtu anayepiga kelele hivyo hana nukta kinywani. Sentensi moja ya namna hiyo inatisha, ila aya nzima inachosha na hofu inapotea.

Euphrase Kezilahabi anafaa kutazamwa hapa. Alianza riwaya kwa masimulizi yanayofuatika vizuri katika Rosa Mistika mwaka 1971, na miaka ishirini hivi baadaye, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), akaachana na mfululizo wa kawaida wa matukio. Msomaji wa vitabu hivyo vya baadaye anakubali mkatiko kwa sababu kazi nzima imejengwa juu yake. Kipande kimoja kilichozubaa katikati ya ukurasa ulionyooka hakipati huruma hiyo.

Ukibaki na shaka juu ya sentensi yako mwenyewe, irekebishe kwa kanuni na uweke matoleo mawili kando kwa kando. Iwapo lililorekebishwa limepoteza mwendo, hofu au uzito uliokuwa umeukusudia, rudisha la kwanza. Iwapo halijapoteza chochote, acha nukta ikae pale ulipoiweka.