Rangi ya Njano Chini ya Bei

Anayenunua mkataba wa bitkoini kwa mkopo wa mara 25 huweka dhamana ya asilimia 4 tu ya thamani yake. Bei ikishuka hadi dhamana hiyo ikaribie kwisha, mtambo wa soko humfungia mkataba kwa lazima. Tuseme alinunua kwa dola 60,000, na soko linataka abakiwe na dhamana ya angalau asilimia 0.5. Atafungiwa karibu na 57,900. Mwenye mkopo wa mara 10 angestahimili hadi 54,300.

Wengi wakinunua karibu na bei moja kwa mikopo inayofanana, bei zao za kufungiwa hurundikana. Ramani ya joto, kama ya CoinGlass, huyachora marundo hayo kwa rangi, na njano huonyesha yaliyo makubwa zaidi.

Rundo huvuta bei kwa sababu kumfungia mnunuzi ni kuuza mkataba wake papo hapo, kwa bei yoyote iliyopo. Mwenye fedha nyingi anayetaka kununua bila kuipandisha bei anahitaji wauzaji wengi kwa mara moja, na hapo 57,900 watapatikana wasiotaka kuuza. Wanaotarajia mshuko nao huisukuma bei huko. Akifungiwa wa kwanza, mauzo yake huiteremsha bei hadi kwa anayemfuata.

Sasa mtazame treda aliyenunua kwa 60,000 bila mkopo mkubwa, akaweka stopu yake 57,950, chini kidogo ya bei ya chini ya juzi. Huenda ameusoma mwelekeo vizuri, ila ameisimamisha stopu kwenye njia ya kuelekea rundo. Atatolewa, kisha ataiona bei ikipanda bila yeye. Mimi ningeishusha stopu hadi 57,000, na ningepunguza mzigo. Kama amekubali kupoteza dola 100, umbali wa 2,050 unamruhusu kununua bitkoini 0.049; umbali wa 3,000 unamruhusu 0.033. Akisogeza stopu bila kupunguza mzigo, ameongeza hasara tu.

Ramani yenyewe ni makadirio. Masoko mengi hayatangazi dhamana ya kila mteja, hivyo mchoraji hukisia mikopo kutokana na mikataba mipya inayofunguliwa. Aliyeongeza dhamana au aliyekwisha kutoka anaweza kubaki amechorwa. Isitoshe, marundo mengi huwa karibu na bei, mahali ambapo ingeweza kufika hata bila kuvutwa. Kwa hiyo njano peke yake hainitoshi kununua wala kuuza.

Bei ikifika kwenye rundo, tazama jumla ya mikataba iliyo wazi. Ikianguka ghafla huku mauzo yakifurika, na bei ikarudi juu ya 57,900, kuna uwezekano mkubwa kwamba waliofungiwa wamekwisha kuondolewa. Ikiongezeka huku bei ikizidi kushuka, watu wanafungua mikataba mipya, na stopu ya 57,000 inastahili kuachwa ifanye kazi yake.